Mama ana 178/64. Mtu anaweza kuwa na presha ya kupanda na ya kushuka kwa wakati mmoja?

#1 BintiPangani
Wakuu habari. Mama yangu ana miaka 74 na ana presha ya miaka mingi. Jana nimempima kwa mashine ya mkanda wa mkono wa juu ikasoma 178/64. Nikamwacha akae dakika kumi, nikarudia: 174/62.

Duka la dawa wameniambia namba ya chini imeshuka mno, nimpunguzie dawa. Jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati anasema ya juu iko pabaya, niongeze. Shangazi yeye amefunga kesi: "Huyo ana zote mbili, ya kupanda na ya kushuka."

Kinachonichanganya zaidi ni daftari lake la kliniki. Miaka kumi na tano nyuma anaandikiwa 160/96, 158/94. Leo ya juu imepanda na ya chini imeshuka, dawa ni ile ile. Namba mbili za mtu mmoja zinawezaje kukimbiana hivi?

#2 Kitasa
Shangazi apewe koti jeupe haraka.

#3 BabaPendo
Pole dada. Mapigo yake ni mangapi? Maana hiyo tofauti ya mapigo ndiyo inayoua wazee, kaka yangu yake ilikuwa inapiga 120 amelala.

#4 MwakaWaTano
#3 umesoma vibaya mkuu. Hapa hatuzungumzii kasi ya moyo. Mleta uzi anauliza kuhusu pengo kati ya namba mbili. 178 toa 64 unapata 114. Kijana mwenye 120/80 pengo lake ni 40. La mama ni karibu mara tatu.

#5 BabaPendo
Sawa msomi. Mimi nimeuliza mapigo tu, sijaomba hesabu.

#6 Mchongo_wa_Afya
Jibu ni jepesi: kolesteroli. Mafuta yameganda ndani ya mishipa, njia imekuwa nyembamba, damu inalazimisha kupita, namba ya juu inapaa. Kitunguu saumu punje mbili alfajiri na maji ya uvuguvugu, baada ya mwezi utarudi hapa kunishukuru.

#7 FundiBomba
#6 mimi siyo wa hospitali, ni fundi wa pampu, lakini hesabu yako haikai. Njia ikiwa nyembamba, geji inapanda na inabaki juu. Haipandi halafu ikaporomoka. Ungeona namba zote mbili ziko juu. Mama yake huyu dada sindano inaruka hadi 178 kisha inaanguka hadi 64, kila pigo. Hiyo kwetu siyo dalili ya bomba kuziba.

Waliolima wanajua bomba la kupulizia dawa la kubeba mgongoni. Unapampu kwa mkono, juu, chini, juu, chini, lakini dawa inatoka mfululizo bila kukatika. Kwa nini? Ndani kuna chumba chenye hewa. Ukisukuma, hewa inabanwa na kuhifadhi sehemu ya nguvu yako. Ukipumzisha mkono, ile hewa inatanuka na kuendelea kusukuma dawa. Sasa chumba kikijaa maji, hewa ikaisha, utaona dawa inatoka kwa vishindo: chwaa, kimya, chwaa, kimya. Pampu ni ile ile na mkono ni ule ule. Kilichokufa ni kile kinachopokea kishindo.

Sijui kama mwilini kuna chumba cha hewa, ila namba hizi zinanikumbusha hilo.

#8 Dokta_Mzizima
#7 umenifurahisha. Hewa hakuna (ikiingia hewa huko tunakuzika), lakini kazi hiyo ipo na inafanywa na aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Mwingereza Stephen Hales alishaufananisha na chumba cha hewa cha pampu ya zimamoto mwaka 1733, kwa hiyo fundi umechelewa kidogo tu.

Moyo wa mtu mzima ukijikamua unatoa kama mililita 70 za damu. Aota changa ni kama mpira. Inatanuka na kubaki na karibu nusu ya ile damu, nyingine inaendelea mbele. Moyo ukipumzika, aota inajirudi na kuisukuma ile akiba. Hiyo akiba ndiyo inayoshikilia namba ya chini isianguke.

Aota ikikakamaa, damu inagonga ukuta usiotanuka, kwa hiyo kilele kinapaa. Na kwa kuwa haikutanuka, hakuna akiba ya kusukuma moyo ukipumzika, kwa hiyo namba ya chini inashuka. Dada #1, mama hana magonjwa mawili. Ana mshipa mmoja mgumu unaofanya yote mawili. Shangazi ameona jambo la kweli, ila amelihesabu mara mbili.

#9 BintiPangani
Dokta asante. Lakini mbona zamani zote zilikuwa juu? 160/96 haikuwa na pengo kubwa hivi.

#10 Dokta_Mzizima
Swali zuri. Ukiwa na miaka 40 au 50, presha mara nyingi inatoka kwenye mirija midogo kabisa iliyobana huko pembeni. Hiyo inainua namba zote mbili, kama fundi alivyosema. Watu wa Framingham kule Marekani wamepimwa miaka kwa miaka, na picha iliyotoka ni hii: namba ya juu inapanda maisha yote, namba ya chini inapanda hadi miaka ya 50 au mwanzoni mwa 60, halafu inaanza kushuka. Hapo ndipo ugumu wa aota unapokuwa na nguvu kuliko kubana kwa ile mirija midogo. Daftari la mama ni mchoro huo huo kwa mtu mmoja.

#11 Kitasa
Kwa hiyo namba ya chini ikishuka yenyewe uzeeni tusishangilie.

#12 Dokta_Mzizima
Ndiyo maana yake. Mtu anatoka 158/94 anakuja na 170/70, anaambiwa "ya chini imekaa vizuri, dawa inafanya kazi". Wakati mwingine ni mshipa tu umezidi kukakamaa.

#13 Mchongo_wa_Afya
Dokta, aota inakakamaa kwa sababu ya mafuta. Tumerudi pale pale.

#14 Dokta_Mzizima
Nusu yako ni kweli. Mafuta yanajenga uvimbe upande wa ndani wa mshipa, kwa mabaka, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili. Lakini ukakamavu ninaousema uko kwenye ukuta wenyewe, kwenye tabaka la katikati. Pale kuna nyuzi zinazovutika, zinaitwa elastini. Nyingi zinatengenezwa tumboni mwa mama na utotoni, ukishakuwa mtu mzima mwili hautengenezi tena za maana. Moyo wa mapigo 70 kwa dakika unapiga zaidi ya mara laki moja kwa siku. Kwa miaka 70 ni zaidi ya bilioni 2.5, na kila pigo linavuta zile nyuzi. Zinakatika kidogo kidogo, na nafasi yake inashikwa na kolajeni, ambayo ni ngumu kama kamba ya katani. Madini ya chokaa nayo yanajikusanya humo.

#15 FundiBomba
Kama waya unaoukunja na kuukunjua. Haukatiki leo, ila utakatika.

#16 Omera_wa_Ziwa
Salamu kutoka Kisumu. Naona mnasema umri, umri, umri. Na chumvi je? Huku kwetu kuna utafiti uliochapishwa 1990. Walifuatilia Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Waliohamia jiji presha ilipanda ndani ya muda mfupi tu, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wa kijijini. Hao hawakuzeeka kwenye basi. Na wale Wayanomami wa msitu wa Amazoni, wasiotumia chumvi kabisa, presha yao haipandi na umri. Basi uzee siyo sababu. Ni chumvi tunayokula miaka hiyo yote.

#17 MwakaWaTano
Wengi waliohamia Nairobi walikuwa vijana. Kilichopanda kwao ndani ya miezi hakiwezi kuwa nyuzi za aota kukatika. Ni jambo lingine kabisa.

#18 Omera_wa_Ziwa
Nani kasema lazima iwe moja? Chumvi inapandisha mapema, presha iliyopanda inazidi kuvuta zile nyuzi, zinakatika haraka. Mnyororo.

#19 Dokta_Mzizima
Hapo mnagusa ubishi ambao haujaisha. Je, mshipa mgumu unaleta presha, au presha inaleta mshipa mgumu? Kuna watu ambao ukakamavu umeonekana kwanza kabla presha haijapanda, kwa hiyo mnyororo wa #18 unaweza kuzunguka pande zote mbili. Kuhusu Wayanomami siwezi kukupinga, ila hawana chumvi tu: hawana unene, wanatembea kutwa, hawanywi bia. Kumtenga mchawi mmoja hapo ni kazi.

#20 MwakaWaTano
Dokta, sisi tumefundishwa sababu nyingine: mwangwi. Kila pigo linatuma wimbi kwenye ukuta wa mishipa, linafika pembeni kwenye matawi, linarudi. Kwa kijana wimbi linasafiri kama mita 5 au 6 kwa sekunde, linarudi moyo ukiwa umeshapumzika, linaisaidia namba ya chini. Kwa mzee linakwenda mita 10 au zaidi, linarudi moyo ukiwa bado unasukuma, linapanda juu ya kilele. Hilo ndilo linalofanya namba ya juu ipae.

#21 Dokta_Mzizima
Na mimi nilifundishwa hivyo. Baadaye vipimo vya Framingham vikaonyesha kuwa sehemu kubwa ya pengo uzeeni inatoka kwenye wimbi la kwenda, siyo la kurudi. Wengine hawakubaliani, wanasema njia ya kuyatenganisha mawimbi hayo ndiyo yenye kasoro. Ila kasi ya wimbi kuongezeka kadiri mshipa unavyokuwa mgumu, hilo halina ubishi, na ndicho kipimo chenyewe cha ukakamavu.

#22 Kitasa
Dada Binti aliuliza aongeze dawa au apunguze. Nyie mko kwenye mawimbi, mmefika Mafia.

#23 BintiPangani
Asante Kitasa 😅

#24 MuuguziMstaafu
Mwanangu, kabla ya kuongeza wala kupunguza, tuhakikishe namba ni za kweli. Mama akojoe kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini, asiongee. Mkanda uwe juu ya ngozi, siyo juu ya kitenge. Pima mikono yote miwili siku ya kwanza, ufuate ule wenye namba kubwa. Halafu jambo ambalo vijana wanalisahau: msimamishe, umpime baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Ikianguka 20 ya juu au 10 ya chini, uandike kwa kalamu nyekundu.

#25 MjukuuWaTabora
Mama hapo juu amesema jambo. Babu yangu, miaka 81, alikutwa na 180 na kitu. Akaandikiwa dawa mbili siku moja, zote dozi kamili. Kila mtu alifurahi, akikaa anasoma 132. Siku ya nne ameamka usiku kwenda chooni, akaanguka mlangoni, nyonga ikavunjika. Hakuna aliyewahi kumpima akiwa amesimama. Tangu siku hiyo nikisikia "ongeza dawa" nashika kichwa. Kwangu mimi mzee na 160 yake aachwe apumzike.

#26 Dokta_Mzizima
Pole sana. Hilo linatokea, na mshipa mgumu unachangia: vihisi vya presha viko kwenye kuta za aota na za mishipa ya shingo. Ukuta usiponyumbulika havisikii vizuri, kwa hiyo mzee akisimama mwili unachelewa kubana.

Lakini "aachwe" ndiyo fikra iliyotawala zamani, na ilipimwa ikashindwa. SHEP, 1991: watu 4,736 wa miaka 60 na zaidi, namba ya juu kuanzia 160, ya chini pungufu ya 90. Wazee wa aina ya mama kabisa. Walianza na klorthalidoni ya dozi ndogo, dawa ya kukojoza, wenzao wakapewa vidonge vitupu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 36. HYVET, 2008, ilichukua wa miaka 80 na kuendelea na ikawashusha taratibu, lengo likiwa 150/80. Vifo vilipungua. Kwa hiyo kosa la babu yako silioni kwenye kutibiwa. Naliona kwenye dawa mbili dozi kamili siku moja, na kutosimamishwa.

#27 MjukuuWaTabora
Sawa Dokta, ila wazee wa kwenye tafiti wanachaguliwa wenye nguvu. Babu yangu asingechaguliwa.

#28 Dokta_Mzizima
Hilo nakupa. Waliokuwa dhaifu sana hawakuingizwa.

#29 BabaPendo
Bado sijajibiwa mapigo ni mangapi.

#30 BintiPangani
Samahani BabaPendo. Mashine imeandika 51. Mara ya pili 52.

#31 Dokta_Mzizima
Subiri. Dada, hiyo dawa "ile ile" inaitwaje?

#32 BintiPangani
Atenololi 50. Asubuhi. Toka mwaka nisioujua.

#33 Dokta_Mzizima
BabaPendo naomba nikuombe radhi kwa niaba ya uzi mzima. Swali lako ndilo lililokuwa na maana.

Atenololi inapunguza kasi ya moyo. Moyo ukipiga 51, damu ya dakika nzima inagawanywa kwa mapigo machache, kwa hiyo kila pigo linabeba mzigo mkubwa zaidi na kuugonga ule ukuta mgumu kwa kishindo zaidi. Namba ya juu inapanda. Kisha nafasi kati ya pigo na pigo ni ndefu, damu inaendelea kukimbilia pembeni, namba ya chini inazidi kuanguka. Kwa mshipa kama wa mama, dawa hiyo inaweza kuwa inapanua pengo lenyewe.

ASIACHE GHAFLA. Nakazia kwa herufi kubwa. Kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Na pengine alipewa kwa sababu ya moyo, siyo presha. Aende kliniki na daftari. Waombe kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu, figo na chumvi za damu, na tezi ya shingo. Wamsikilize kifua vizuri pia, kwa sababu vali ya aota inayovuja inaleta pengo hilo hilo, na upungufu mkubwa wa damu vilevile.

#34 FundiBomba
Yaani mnampunguzia mzee kasi ya pampu lakini kila kishindo kinakuwa kikubwa. Kwenye bomba langu hiyo inang'oa viungio.

#35 MwakaWaTano
Dokta, lakini SHEP yenyewe dawa ya pili waliyoongeza ilikuwa atenololi. Na matokeo yalikuwa mazuri.

#36 Dokta_Mzizima
Kweli, ilikuwa ya pili, baada ya ya kukojoza, kwa waliohitaji. Sijasema ni sumu. Nimesema kwa mzee mwenye pengo la 114 na mapigo 51 isingekuwa ya kwanza wala ya peke yake. Ningependelea amlodipini au dawa ya kukojoza dozi ndogo.

#37 Mchongo_wa_Afya
Kwa nini msitoe dawa ya kulainisha huo mshipa moja kwa moja? Mnazunguka tu.

#38 Dokta_Mzizima
Ningekuwa nayo ningeitoa. Nyuzi zilizokatika hatuna cha kuziunga. Tunachoweza ni kupunguza mzigo unaogonga ukuta, na kupunguza chumvi ya mezani, ambayo kwa wazee inashusha namba ya juu kweli. Hapo Omera ana pointi yake.

#39 Omera_wa_Ziwa
Asante. Nimeipiga picha.

#40 BintiPangani
Narudi baada ya wiki saba. Kliniki walimsikiliza, vali haina shida, damu na tezi viko sawa, hakuwahi kuwa na ugonjwa wa moyo. Atenololi wameishusha hadi 25 kwa wiki mbili, kisha 25 siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha ikaisha. Katikati wakamwanzishia amlodipini 2.5, baadaye 5. Jana asubuhi amekaa: 152/68, mapigo 66. Amesimama dakika tatu: 140/66, hana kizunguzungu. Pengo limetoka 114 hadi 84. Shida ni miguu, jioni inavimba kwenye vifundo.

Sasa mdogo wangu aliyeko Arusha anataka tumshushe hadi 120, kasoma mahali.

#41 MuuguziMstaafu
Vifundo ni hiyo amlodipini, wengi inawafanyia. Ainue miguu jioni. Wasimpe dawa ya kukojoza kwa ajili ya uvimbe tu, mara nyingi hausikii. Wakimpa kwa ajili ya presha ni jambo lingine, ila waangalie sodiamu baada ya wiki chache. Bibi mmoja wodini kwetu alianza kuchanganyikiwa, ndugu wakasema karogwa, kumbe ni sodiamu.

#42 MwakaWaTano
Mdogo wake amesoma SPRINT ya 2015. Walioshushwa chini ya 120 walipata faida, wakiwemo wa miaka 75 na zaidi.

#43 Dokta_Mzizima
Na wagonjwa wa kisukari hawakuwemo, na presha ilipimwa mgonjwa akiwa ametulia kwa mashine inayojipima yenyewe. 120 ya pale siyo 120 ya foleni ya kliniki. Wasiwasi wangu ni namba ya chini. Mishipa inayolisha moyo inapata damu yake nyingi moyo ukiwa umepumzika, yaani kwa nguvu ya namba hiyo. Kwenye SHEP waliposhuka chini ya 70, na hasa chini ya 60, wakiwa kwenye dawa, matukio ya moyo yaliongezeka.

#44 MwakaWaTano
Ila SPRINT walipowachambua walioanza na namba ya chini iliyo ndogo, faida ilikuwepo vilevile. Huenda namba ya chini kushuka ni alama tu kwamba mshipa ulishakuwa mgumu, siyo dawa inayodhuru.

#45 Dokta_Mzizima
Huenda. Mimi kwa huyu mama ningeelekea 140 nikiwa namsimamisha kila ziara, na ya chini ikigusa 60 ningesita. Wewe ungeendelea?

#46 MwakaWaTano
Ningeendelea.

#47 MjukuuWaTabora
Na mimi ningesimama hapo hapo 152. Nyonga hairudi.

#48 FundiBomba
Uzi umenitia hofu, leo nimepima. Miaka 43, 148/98. Aota yangu imeshakuwa bomba la chuma?

#49 Dokta_Mzizima
Pengo lako ni 50 tu fundi. Zote mbili ziko juu, kwa hiyo ni ile habari yako ya #7: shida iko huko mwisho kwenye mirija midogo. Rudia kwa siku saba, asubuhi na jioni, ulete namba. Na zile mishikaki zenye chumvi ya kunyunyiza za baada ya kazi tutazijadili.

#50 Kitasa
Fundi apelekwe kwa Shangazi.